Picha za baharia: herufi za duara zilizoungana ni Kibengali? Nathibitishaje kabla ya kutafsiri?

#1 Mpwa wa Baharia

Salaam wakuu. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, naye ameacha boksi la picha zisizo na neno lolote nyuma. Katika karatasi zake za kazi naona bandari nne: Chattogram ya Bangladesh, Haldia ya jimbo la West Bengal na Paradip ya jimbo la Odisha huko India, na Yangon ya Myanmar. Familia imenipa kazi ya kuandika maelezo mafupi ya Kiswahili chini ya kila picha, ili wajukuu wajue babu yao alipita wapi.

Nimekwama kwenye picha tatu zenye maandishi. Ya kwanza ni tangazo refu kwenye kibao cha buluu, na karibu kila herufi ni kiduara. Ya pili ni kibao cha duka chenye mistari miwili na namba ya simu chini yake, herufi zikiwa zimeshikana. Ya tatu ni ubao wa bei ulioandikwa kwa chaki. Madai yangu ni kwamba zote tatu ni Kibengali, kwa sababu nilisoma mahali kwamba herufi za Kibengali ni za duara na zimeungana. Hata hivyo, ya pili niliipiga picha kwa programu ya kutafsiri ya simu na kuchagua Kihindi, nikapewa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nimeziambatisha zote. Mwenye ujuzi anisaidie.

#2 Mzee Kifimbo

Mwanangu, hiyo ya pili ni Kihindi. Mimi nimekulia Mombasa enzi za sinema za Kihindi, na majina ya picha yalikuwa yanaandikwa vivyo hivyo, herufi zinaning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Simu yako ndiyo mbovu.

#3 Fundi Vibao

Mzee Kifimbo yuko karibu na ukweli, lakini hajaufikia. Mimi nachora vibao kwa kazi, kwa hiyo naangalia umbo zaidi ya maneno. Waandishi wa kule waliandika juu ya majani ya mtende, na mstari ulionyooka ungelichana jani, ndiyo maana herufi zikawa duara. Kwa hiyo duara ni Kibengali, na mstari ni Kihindi. Hapo picha ya kwanza ni Kibengali, ya pili ni Kihindi.

#4 Kalamu Tulivu

Nilisoma Kolkata kwa miaka minne, naomba nichangie kabla wajukuu hawajaandikiwa uongo.

Fundi, umeugeuza mlingano. Kibengali nacho kina mstari wa juu, na wenyewe huuita matra. Umbo lake si la duara hata kidogo: herufi zake nyingi zimejengwa kwa pembetatu yenye ncha upande wa kushoto. Tazama ব, kisha ক, ambayo ni pembetatu ileile yenye mkia uliopinda kulia. Hoja ya majani ina msingi, ila ni ya Odisha na ya kusini, ambako jani lilichorwa kwa kalamu ya chuma. Bengal waliandika kwa wino, na wino hauchani jani.

Mzee Kifimbo naye ameona mstari, na mstari upo kweli. Tofauti ni kwamba katika Kihindi mstari huo hukimbia karibu bila kukatika ndani ya neno, ilhali katika Kibengali unakatika mara kwa mara, kwa sababu baadhi ya herufi hazina mstari kabisa, kama এ, ও na ঔ, na nyingine zina nusu tu, kama খ, গ, প na শ. Katika picha ya pili, mstari wa chini wa maandishi umekatika sehemu kadhaa. Mpwa, ikuze picha uhesabu mapengo yaliyo ndani ya maneno, si yale yaliyo kati ya neno na neno.

#5 Mzee Kifimbo

Na Kihindi nacho kina herufi zinazokata mstari. Nimeziona.

#6 Kalamu Tulivu

Ni kweli, mzee wangu. भ na ध zina pengo dogo juu, upande wa kushoto. Ndiyo maana sikusema haukatiki kabisa. Pengo moja dogo halithibitishi kitu, lakini herufi nzima iliyosimama bila kofia katikati ya mstari inathibitisha.

#7 Mpwa wa Baharia

Nimeikuza. Katika mstari wa chini herufi ya kwanza kabisa haina kofia, kisha kuna nyingine mbili mbele ambazo hazina. Mstari wa juu wenye maandishi makubwa hauna pengo lolote ndani ya maneno. Je, inawezekana kibao kimoja kina lugha mbili?

#8 Kalamu Tulivu

Inawezekana, na vituo vya reli vya West Bengal huandikwa kwa namna tatu, yaani Kibengali, Kihindi na Kiingereza. Hapa lakini sivyo. Maandishi makubwa yanasomeka ভাই ভাই ফার্মেসী, yaani «Bhai Bhai Pharmacy», na imetokea tu kwamba ndani yake hamna herufi isiyo na kofia. Kipimo cha mapengo kinahitaji maneno ya kutosha. Ukikitumia kwenye neno moja, kinaweza kukuangusha.

#9 Juma wa Mitambo

Nimepitisha picha ya pili kwenye programu ya kusoma herufi, nikaitaka iseme kwanza ni mwandiko gani, kabla ya kusoma neno lolote:

```
tesseract kibao.png - --psm 0
```

Jibu lilikuwa `Too few characters. Skipping this page`. Inataka ukurasa wenye maandishi mengi, na kibao cha duka hakiitoshelezi. Ukiilazimisha kwa `-l ben` inasoma Kibengali, ukiweka `-l asm` inasoma Kiasamu, ukiweka `-l hin` inakupa Kihindi cha kubuni. Yaani inajibu kile ulichoiuliza. Hicho ndicho kilichompata Mpwa na simu yake.

#10 Bi Mkunga wa Lamu

Juma amegusa jambo linalonikera siku zote. Nyumbani kwetu kuna barua za babu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kila mgeni akiziona husema ni Kiarabu, akampelekea mtu wa Kiarabu, naye husoma sauti na asipate maana, kwa kuwa lugha ni Kiswahili. Mwandiko ni nguo, na nguo huazimwa. Je, huo wa Kibengali hauvaliwi na lugha nyingine?

#11 Kalamu Tulivu

Unavaliwa, bibi, na hapo ndipo penye mtego kuliko pale pa Kihindi. Kiasamu, lugha ya jimbo la Assam huko India, hutumia karibu herufi zilezile. Kimanipuri nacho kwa muda mrefu kimeandikwa kwa herufi hizo, ingawa sasa wanarudisha mwandiko wao wa zamani. Mtu anaweza kuona kibao cha Imphal, mji wa Wamanipuri, akasema kwa haki kabisa kwamba herufi ni za Kibengali, kisha akachagua Kibengali na kupata takataka.

Herufi ya kutazama ni ile ya sauti «r». Mbengali huandika র, yaani ile pembetatu ya ব yenye nukta chini. Mwasamu huandika ৰ, pembetatu ileile lakini yenye mkwaju unaokata tumbo, bila nukta. Tena Kiasamu kina ৱ ya sauti «w», ambayo Kibengali cha leo hakina. Mji wa Guwahati ni mfano mzuri: wenyewe huandika গুৱাহাটী, na gazeti la Kolkata huandika গুয়াহাটি. Ukiiona ৱ, acha kabisa kuchagua Kibengali.

#12 Mpwa wa Baharia

Nimetafuta «r» kwenye ভাই ভাই ফার্মেসী na sikuiona yenye nukta wala yenye mkwaju tumboni, ingawa neno hilo linasikika kama «farmasi». Imejificha wapi?

#13 Kalamu Tulivu

Swali zuri sana. Pale «r» inapotangulia konsonanti nyingine bila irabu katikati, hupanda juu ya konsonanti hiyo na kuwa mkwaju mdogo. Tazama juu ya ম. Mkwaju huo ni uleule kwa Kibengali na kwa Kiasamu, kwa hiyo hauamui chochote. Ikifuata konsonanti, kama katika প্র, hushuka chini ikawa wimbi, nalo pia ni lilelile kwa wote wawili. Unahitaji «r» iliyosimama peke yake. Nenda kwenye mstari mdogo, neno la tatu.

#14 Juma wa Mitambo

Nilijaribu kuliandika neno ফার্মেসী kwa mkono ili nilitafute kwenye kamusi, nikawa nabonyeza herufi kama ninavyoziona kutoka kushoto kwenda kulia. Kamusi haikulijua. Niliweka kile kindoano ে kabla ya ম, kwa kuwa kwenye kibao kiko kushoto kwake. Kumbe husomwa baada ya konsonanti, na huandikwa kwenye kibodi baada yake, ingawa huchorwa mbele. Nimepoteza robo saa.

Nikiwa hapo nikazichunguza hizo «r» mbili na jamaa zake:

```
python3 -c "import unicodedata as u; [print(c, hex(ord(c)), u.name(c)) for c in 'রৰবৱ']"
```

ৰ inaitwa `BENGALI LETTER RA WITH MIDDLE DIAGONAL`, na ৱ inaitwa `BENGALI LETTER RA WITH LOWER DIAGONAL`, ilhali Kalamu anasema ni «w». Zote zinaitwa za Kibengali, hata zile ambazo Mbengali hazitumii. Kwa hiyo hata kompyuta ikikwambia «Bengali», imetaja nguo ya Bi Mkunga, haijamtaja mvaaji.

#15 Mpwa wa Baharia

Nimefika neno la tatu la mstari mdogo. Pembetatu ya mwisho ina doa chini yake. Ila kibao chote kina kutu na vichwa vya misumari. Nitajuaje kama hilo doa ni nukta au ni kutu?

#16 Bi Mkunga wa Lamu

Karibu kwenye ulimwengu wangu. Katika hati zetu ب na ت na ث ni jino lilelile, nukta ndizo zinazozitenganisha, na mchwa hula karatasi na kuacha vitundu vyenye ukubwa uleule wa nukta. Mimi hutafuta nukta nyingine kwenye ukurasa huohuo ambayo sina shaka nayo, nikalinganisha ukubwa na umbali wake kutoka kwenye herufi. Kutu haipangi safu.

#17 Kalamu Tulivu

Bi Mkunga amenimaliza maneno. Mstari wote mdogo ni huu:

এখানে সকল প্রকার ঔষধ পাওয়া যায়

Maana yake ni «Hapa dawa za aina zote zinapatikana». Zile herufi zako tatu zisizo na kofia ni এ mwanzoni, ঔ kwenye neno la dawa, na ও ndani ya পাওয়া. Sasa tazama maneno mawili ya mwisho. Herufi য় imetokea mara mbili, na kwa kawaida ina nukta chini, kwa kuwa bila nukta ni য, herufi nyingine. Zote mbili zina nukta, na doa lako la প্রকার liko kwenye usawa uleule na lina unene uleule. Mchoraji alitumia ncha moja ya brashi mara tatu. Hiyo ni নukta ya র, si kutu.

Kama nukta zote zingekuwa zimepotea, tungesema picha imezimeza na tusiamue kitu. Ingepotea moja tu, ungesoma ব badala ya র bila kujua, kwa sababu neno lingebaki na sura ya neno.

Na ushahidi wa pili uko palepale bila kutegemea nukta: Mwasamu angeandika পোৱা যায়, kwa ile ৱ. Hapa imeandikwa পাওয়া. Hiki ni Kibengali.

#18 Kalamu Tulivu

Mniwie radhi, katika bandiko langu lililopita kibodi imenichanganyia herufi moja ya Kibengali ndani ya neno la Kiswahili «nukta». Mmejionea wenyewe jinsi miandiko inavyoingiliana bila kuaga.

#19 Mzee Kifimbo

Nimeiona, nikadhani ni kutu.

#20 Fundi Vibao

Nakubali kushindwa kwenye picha ya pili. Lakini mlikuwa mnahangaika na Kiasamu kwa nini? Mjomba alikuwa kwenye meli ya mizigo. Meli haipandi Guwahati.

#21 Mkazi wa Ruwi

Fundi, Guwahati iko kwenye mto Brahmaputra, na mashua za mizigo hufika huko kwa kupitia mito ya Bangladesh. Sisemi mjomba alifika, nasema maji yapo.

Mimi niko Maskati, na hapa Ruwi vibao vya Kibengali ni vya kila siku kwa sababu ya wafanyakazi wengi kutoka Bangladesh. Nimemwonyesha kinyozi wangu picha ya pili. Alisoma kwa sekunde mbili, akasema duka liko Bangladesh, si India, kwa sababu mbili. «Bhai Bhai», yaani ndugu na ndugu, ni jina la maduka lililozagaa kwao, na namba ya simu inaanza na ০১৭.

#22 Mpwa wa Baharia

Shukrani. Mimi niliisoma namba hiyo 019. Nilifika hatua ya kuipiga, akapokea mtu tusiyeelewana kabisa.

#23 Kalamu Tulivu

Ulimpigia mtu mwingine, ndugu yangu. Tarakimu ৭ inafanana na tisa yetu lakini ni saba. Na ৪ inafanana na nane yetu lakini ni nne. Nane ya kweli ni ৮, na tisa ya kweli ni ৯. Ubaya ni kwamba 017 na 019 zote ni mianzo halali ya simu za mkononi za Bangladesh, kwa hiyo kosa halijitangazi.

Sababu ya jina la duka siitegemei sana, kwa kuwa undugu upo Kolkata pia. Namba ndiyo yenye nguvu: hesabu tarakimu. Simu ya mkononi ya Bangladesh ina tarakimu 11 na huanza na 01, ilhali ya India ina 10 na haianzi na sifuri. Nimehesabu 11. Kwa bandari za mjomba, hiyo ni Chattogram au jirani yake.

#24 Mpwa wa Baharia

Basi na picha ya tatu imeharibika, kwa kuwa nilikwisha andika chini yake «mchele, 89 kwa kilo». Ubaoni pameandikwa ৪৭ টাকা.

#25 Mkazi wa Ruwi

Ni 47. Na kwa kuwa ni taka, hiyo nayo ni Bangladesh.

#26 Kalamu Tulivu

47 ni sahihi, taka hapana. Mtu wa Kolkata naye huiita rupia yake টাকা, kwa kusema na kwa kuandika. Ingekuwa alama ৳ ningekubaliana nawe. Kwa picha ya tatu tunajua lugha, hatujui bandari, kwa hiyo Haldia bado imo. Kama ubaoni pangetajwa maji tungekuwa na fununu, kwani Waislamu na watu wa Bangladesh kwa jumla husema পানি, na Wahindu wa West Bengal husema জল, ila muuza mchele hauzi maji.

#27 Binti Mvita

Naishi London mashariki. Kituo cha Whitechapel kina jina lake kwa Kibengali tangu 2022, হোয়াইটচ্যাপেল, na kwa kuwa najua jinsi linavyotamkwa, nililigeuza kuwa rula yangu: kila nikiona herufi kwenye kibao kingine nailinganisha na ile ya kituoni. Imenifaa kuliko majedwali ya herufi, kwa sababu ni maandishi ya kibao, si ya kitabu.

#28 Juma wa Mitambo

Rula nzuri, lakini haina «r» hata moja.

#29 Binti Mvita

Ndiyo maana nimekuja hapa.

Ila nina swali juu ya lile neno «duara» lililoanzisha uzi. Nilipoipunguza picha ya pili hadi ukubwa wa stempu, zile pembetatu zote ziligeuka viduara. Huenda anayesema Kibengali ni cha duara aliangalia picha ndogo au zilizotikisika tu.

#30 Fundi Vibao

Au brashi. Mchoraji mwenye haraka hafanyi ncha, huzungusha mkono. Mimi mwenyewe «A» zangu za jioni zina mabega.

#31 Kalamu Tulivu

Yote mawili yanawezekana, na ya tatu ni kwamba watu huchanganya Kibengali na Kiodia kwa kuwa ni majirani. Sijui ipi ilimpata mwandishi aliyemdanganya Mpwa.

Twende picha ya kwanza, maana ndiyo ya duara kweli. Hiyo si Kibengali: haina mstari wa juu popote. Kwa bandari ulizotaja imebaki Paradip, ambako ni Kiodia, au Yangon, ambako ni Kiburma. Herufi ya Kiodia hubeba mwavuli juu, upinde mkubwa unaochukua sehemu kubwa ya herufi, na kinachoitofautisha na nyingine kimejificha chini ya mwavuli, kama ଓ na କ. Herufi ya Kiburma ni duara lenyewe, zima au lenye mdomo wazi upande mmoja, kama ဝ, ပ na င, na hazina mwavuli. Picha hii imetikisika, kwa hiyo mwavuli na duara vimekuwa kitu kimoja machoni pangu.

#32 Fundi Vibao

Mimi naona miavuli.

#33 Binti Mvita

Mimi naona maduara matupu, na tena mawili mawili, yameshikana kama miwani. Hiyo ni Kiburma, က.

#34 Kalamu Tulivu

Binti Mvita ana hoja, lakini herufi mbili za Kiodia zilizosongamana zinaweza kutoa miwani pia. Bahati nzuri hili ni tangazo lenye sentensi, tofauti na vibao vya maduka ambavyo mara nyingi havina alama ya kufunga sentensi. Kiodia hufunga sentensi kwa kijiti kimoja, ।, sawa na Kihindi na Kibengali. Kiburma hufunga kwa vijiti viwili, ။. Mpwa, kuza mwisho wa mstari wa mwisho utuambie ni kimoja au viwili.

#35 Mpwa wa Baharia

Nimekuza hadi picha ikawa vigae. Naona kijiti kimoja waziwazi. Kulia kwake, pale ambapo cha pili kingekuwa, imepita nguzo ya taa. Naenda kwa shangazi kuangalia kama kuna picha nyingine iliyopigwa hapohapo.